Odhiambo na Adhiambo: jinsi nilivyomfanya dada mtu adaiwe deni la kaka yake

Simu ilipigwa kutoka tawi letu la Ahero asubuhi moja ya Aprili, wakati kila mkulima anataka mbolea na anaitaka leo. Aliyepiga ni karani wa tawi, mama wa makamo ambaye amekaa nyuma ya kaunta ile kuliko meneja yeyote aliyepita hapo. Hakunisalimu.

"Mwanangu, umefanya nini na vitabu vyangu? Nina mama hapa mbele yangu, amekuja kuchukua mifuko miwili ya CAN kwa mkopo. Kompyuta inasema anadaiwa elfu kumi na nane na mia tano. Huyu mama hajawahi kudaiwa hata shilingi. Ninamjua."

Kikomo cha mkopo kilikuwa shilingi 20,000 kwa mteja, kwa hiyo mashine ilikuwa imekataa. Nilifungua akaunti nikiwa Kisumu na nikaona kosa kabla hajamaliza kueleza. Akaunti ilikuwa na jina moja, J. Odhiambo, na chini yake historia mbili zilizosukwa pamoja: mtu aliyenunua mbegu na dawa za kunyunyizia kwa mkopo, na mtu aliyenunua chakula cha kuku kwa pesa taslimu kila wiki mbili. Huyo wa pili aliandikwa J. Adhiambo kabla sijamwunganisha na kaka yake. Ndiyo, kaka yake wa damu. Walikuwa wameandikisha namba moja ya simu, ya mama yao.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimejisifu ofisini kwamba nimesafisha orodha ya wateja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Duka la pembejeo lililoniajiri lilikuwa na matawi manne, Kisumu, Ahero, Siaya na Bungoma, na kila tawi lilikuwa limetunza wateja wake kivyake. Kisumu walikuwa na mfumo wa kadi za pointi. Ahero na Siaya walikuwa na faili za Excel. Bungoma walikuwa na daftari la mkopo, lile refu la mistari myekundu, ambalo kijana wa mafunzo alilinakili kwenye kompyuta kwa muda wa mwezi mzima. Vyote nilipovimwaga pamoja nilipata rekodi 11,400, na mtu yeyote angeona kwa macho kwamba wateja halisi ni wachache kuliko hapo. Mteja mmoja ameandikwa Jackline Akinyi huku, Jacqueline Akinyi kule, na Akinyi Jackline mahali pengine.

Nilianza na namba za simu kwa kuwa nilidhani ndizo rahisi. Kwa kiasi fulani ni rahisi. Namba ya simu ya mkononi ya Kenya, ukitoa 254 au sifuri ya mbele, hubaki tarakimu tisa, na ya kwanza ni 7 au 1. Kwa hiyo njia ya kuzilinganisha ni kutupa alama zote, kutupa 254 na sifuri, kisha kukataa chochote kisichobaki tisa:

```python
import re

def simu(s):
    d = re.sub(r"\D", "", str(s))
    if d.startswith("254"):
        d = d[3:]
    d = d.lstrip("0")
    return d if len(d) == 9 and d[0] in "17" else None
```

Mstari wa mwisho ndio ulioniokoa, maana uliponionyesha zilizokataliwa, rundo lilikuwa kubwa na lilikuwa la aina mbili. Aina ya kwanza zilikuwa na tarakimu kumi, zote zikiishia na sifuri. Nilikaribia kuamini kwamba makarani wa Siaya wana tabia ya kuongeza sifuri. Kumbe ni mimi. Safu ikiwa na namba tupu pamoja na nafasi zilizoachwa wazi, pandas, maktaba ya Python niliyosomea faili, huisoma kama namba za desimali, na namba inayoishia 456 inakuwa 456.0. Mimi nikaja na kisu changu cha kuondoa alama, nikaondoa nukta, sifuri ikabaki imejibandika mwishoni. Dawa yake ni kusoma safu ile kama maandishi tangu mwanzo, kwa `dtype=str`.

Aina ya pili haina dawa. Mtu akiandika namba yenye 254 mbele, tarakimu zinakuwa kumi na mbili, na Excel huonyesha namba ndefu kama hiyo kwa mtindo wa `2.54722E+11`. Ikihifadhiwa kama CSV ikiwa katika sura hiyo, kinachohifadhiwa ni ile sura, na tarakimu za nyuma zimepotea kabisa. Wateja wote waliobaki na sura moja wanaonekana kuwa na namba moja. Ukilinganisha bila kuangalia, utawaunganisha watu mia mbili wasiojuana kuwa mtu mmoja mwenye bahati ya kununua sana. Turudi kwenye faili la asili, au tumuulize mteja akija. Hakuna njia ya tatu.

Baada ya simu kukaa sawa niligeukia majina. Kulinganisha kila rekodi na kila nyingine katika 11,400 ni jozi karibu milioni 65, kwa hiyo nililinganisha tu zile zilizokuwa na kitu cha kuanzia pamoja: namba ileile ya simu, au tawi lilelile na neno moja la jina linalofanana. Kisha kila jozi niliipima kwa umbali wa Levenshtein. Kipimo hiki huhesabu ni herufi ngapi uongeze, uondoe au ubadilishe ili neno moja liwe lingine. Ukigawa hesabu hiyo kwa urefu wa jina refu zaidi na kutoa jibu kwenye moja, unapata alama kati ya 0 na 1. Nilijaribu maneno ya jina kwa kila mpangilio na kuchukua alama kubwa kuliko zote, ili Akinyi Jackline na Jackline Akinyi wawe kitu kimoja. Nikaweka kizingiti: simu ileile na alama 0.85 kwenda juu, unganisha bila kuuliza.

Sasa tazama kizingiti hicho kilifanya nini. "j odhiambo" na "j adhiambo" zina urefu wa kumi ukihesabu nafasi, na tofauti ni herufi moja. Alama 0.90. Zikaunganishwa. "jackline akinyi" na "jacqueline akinyi" zinahitaji kubadilisha q kuwa k, kisha kuondoa u na e, yaani hatua tatu katika urefu wa kumi na saba. Alama 0.82. Zikaachwa mbalimbali. Watu wawili walipata alama kubwa kuliko mtu mmoja mwenye tahajia mbili. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kusogeza kizingiti hakutanisaidia: nikikipandisha hadi 0.91 namwokoa Adhiambo, lakini Mercy Otieno na Mercy Atieno, wenye urefu wa kumi na mbili, bado wanapata 0.92. Kadiri jina linavyorefuka ndivyo herufi ile moja inavyopungua uzito, na ndiyo herufi pekee yenye habari.

Si kwamba sikujua. Kila mtu aliyewahi kukaa Kisumu hata wiki moja anajua kwamba Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku na Atieno ni msichana wa usiku uleule. Ochieng na Achieng ni wa jua, Okoth na Akoth ni wa mvua, Opiyo na Apiyo ni pacha wa kwanza kutoka. Mimi nilijua. Programu haikujua, na mimi sikuiambia. Kwake yeye O kuwa A ni kosa la kidole kama kosa lingine lolote, wakati hata kwa kidole haliingii akilini: kwenye kibodi, O iko upande wa kulia na A iko kushoto kabisa, mkono mwingine. Mtu anayeteleza kwenye O huangukia I au P.

Nilikwenda Ahero mwenyewe Jumamosi ile, kwanza kuomba radhi, pili kwa sababu nilihitaji mtu wa kukaa naye. Nilichapisha jozi nilizokuwa nimeziunganisha, zile tu ambazo majina yalitofautiana popote. Karani alivaa miwani, akachukua kalamu, na kwa saa mbili alinifundisha kuliko kitabu chochote.

"Huyu na huyu ni mtu na mkewe. Huyu na huyu ni mtu mmoja, alianza kuandika jina la mume mwaka juzi. Hawa… huyu Nyar Alego ni nani?"

"Si jina?"

Alicheka. "Nyar Alego ni binti wa Alego. Ni wake wote walioolewa kutoka huko. Hapa peke yake ninao wanne."

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Min Brian, yaani mama Brian, na kwa Mwalimu, Fundi na Pastor. Hayo si majina ya kulinganisha, ni njia ya karani ya kumkumbuka mteja. Yakifanana hayasemi kwamba mtu ni mmoja, na yakitofautiana hayasemi kwamba ni wawili. Niliyatenga kwenye safu yake.

Lakini alinionya pia nisije nikakimbilia upande wa pili. Nilikuwa nimeshasema kwa furaha kwamba sasa nitaweka sheria: O na A mwanzoni mwa jina lilelile, basi ni watu wawili, kwisha. Akanionyesha mstari. Mercy Otieno wa Kisumu na Mercy Atieno wa Ahero, simu moja. "Huyu ni Mercy Atieno Otieno," akasema. "Atieno ni jina lake, Otieno ni la baba yake. Kule ameulizwa jina la ukoo, hapa nilimwuliza anaitwaje nyumbani." Kwa hiyo herufi ileile iliyowatenganisha J. Odhiambo na J. Adhiambo hapa haitenganishi chochote.

Kuhusu Bungoma nako kulikuwa na lake. Wabukusu wana Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa, Wanjala na Nanjala, W kwa N. Lakini Simiyu dada yake ni Nasimiyu, herufi mbili zaidi. Wateja wetu Wakalenjin wana Kibet na Chebet, Kiprono na Cherono, na hapohapo Chepkoech anaweza kuandikwa Jepkoech na akabaki mwanamke yuleyule. Nilikuwa nimejaribu pia Soundex, ile njia ya kugeuza jina kuwa msimbo wa sauti ambayo Robert Russell aliisajilia hataza Marekani mwaka 1918. Huwa inaiacha herufi ya kwanza kama ilivyo, kwa hiyo Otieno ni O350 na Atieno ni A350, na kwa bahati tu inawatenga kaka na dada. Kwa bahati hiyohiyo inamgawa Chepkoech, C122, na Jepkoech, J122. Ilitengenezwa kwa majina ya kwao, na sikuona sababu ya kuilaumu.

Nilichofanya mwishowe hakina ujanja mwingi. Niliandika jedwali la jozi za majina kwa mkono, mistari kama tisini, nikisaidiwa na makarani wa matawi yote manne: otieno na atieno, wafula na nafula, kibet na chebet. Jedwali la pili lilikuwa la tahajia za jina moja: jackline, jacqueline, jacklyne, chepkoech, jepkoech. Kabla ya kupima herufi, programu inasoma majedwali hayo. Ikikuta tahajia, inazifanya neno moja. Ikikuta jozi ya kaka na dada, haitoi alama yoyote. Inauliza kwanza kama rekodi mojawapo ina majina matatu na maneno yote ya rekodi nyingine yamo ndani yake. Kama yamo, kama Mercy Otieno alivyomo ndani ya Mercy Atieno Otieno, jozi inaendelea kupimwa. Kama hayamo, inakwenda kwa mtu.

Bungoma palinipa mtego mmoja zaidi kwa sababu ya lile daftari. Hoja yangu ya kibodi ni kweli kwa aliyechapa kutoka kichwani. Aliyenakili kutoka kwenye mwandiko hakosei kwa kidole, anakosea kwa jicho, na kwenye mwandiko wa yule karani wa zamani o na a ndogo ni mapacha kabisa. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu kwa herufi ndogo, hata mwanzo wa jina. Kwa rekodi zilizotoka kwenye daftari tulilazimika kurudi kwenye ukurasa wenyewe.

Simu nayo ilibidi niishushe cheo. Nilikuwa nimeichukulia kama kitambulisho cha mtu, na huku kwetu mara nyingi ni kitambulisho cha nyumba. Niliorodhesha namba kwa idadi ya majina tofauti yaliyoandikwa chini yake. Nyingi zilikuwa na jina moja, nyingine mawili. Moja ilikuwa na majina 31. Ilikuwa ya mweka hazina wa kikundi cha akina mama karibu na Ahero waliokuwa wakinunua mbegu pamoja. Kila mwanachama aliandikisha ile. Namba kama hiyo haileti tu kosa moja. Programu yangu ya kwanza ilikuwa inaunganisha kwa mnyororo: wa kwanza anafanana na wa pili, wa pili na wa tatu, basi wote watatu ni mmoja, hata kama wa kwanza na wa tatu hawafanani hata kidogo. Ukiwa na majina 31 na simu moja, mnyororo unapata pa kupita. Baada ya hapo niliamua kwamba namba yenye majina zaidi ya matatu haihesabiwi kama ushahidi, na kwamba kundi haliunganishwi mpaka kila mmoja ndani yake afanane na kila mwingine.

Nilijaribu pia kukubali namba zinazotofautiana kwa tarakimu moja, nikiamini ni makosa ya kuchapa. Niliacha siku hiyohiyo. Namba ya simu haina tarakimu ya ukaguzi. Ukikosea moja, unapata namba nzuri kabisa ya mtu mwingine. Na tulikuwa na mama na bintiye walionunua laini kwa wakala mmoja siku moja, namba zinafuatana, jina la ukoo moja. Kwa kipimo changu hakuna jozi iliyokuwa nzuri kuliko ile.

Kilichotusaidia kuliko vyote kilikuwa namba ya kitambulisho cha taifa, pale ilipokuwepo. Wateja wa mkopo wengi walikuwa nayo, wa pesa taslimu karibu hakuna. Sikuitumia kuunganisha tu, niliitumia hasa kukataza: rekodi mbili zenye namba za kitambulisho zilizo mbalimbali haziunganishwi hata kama jina, simu na tawi ni vilevile. Kwa wasio na kitambulisho tuliangalia manunuzi. Rekodi mbili zilizonunua siku moja, saa zinazokaribiana, Siaya na Bungoma, si mtu mmoja, isipokuwa ana ndege.

Kutengua nilichokuwa nimeshafanya ndiko kulikoniumiza. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika namba mpya ya mteja juu ya ile ya zamani kwenye kila mauzo, na za zamani nikazifuta, kwa hiyo mauzo ya Odhiambo na ya Adhiambo hayakuwa na alama ya kuyatofautisha tena. Kama si nakala ya hifadhi ya usiku wa kuamkia siku niliyowaunganisha, tungebaki kubahatisha nani alinunua chakula cha kuku. Siku hizi rekodi za asili haziguswi. Kuna jedwali dogo la safu nne tu: namba ya zamani, namba ya kundi, nani aliamua, na lini. Kuwatenganisha watu wawili ni kubadilisha mstari mmoja.

Awamu ya pili iliunganisha wachache kuliko ya kwanza, na meneja hakufurahi, kwa kuwa alikuwa ameshawaambia wenye duka idadi ya wateja "halisi". Nilimwambia mteja aliyeandikwa mara mbili hupokea ujumbe wa ofa mara mbili, na aliyeunganishwa kimakosa hunyimwa mbolea Aprili. Akanyamaza, ingawa sidhani kama alikubali.

Zilibaki jozi kadhaa kwenye karatasi ya karani wa Ahero ambazo hata yeye hakuzijua. Tulipiga simu moja moja, kwa spika, yeye akiongea Kijaluo na mimi nikiandika. Moja ilikuwa J. Opiyo na J. Apiyo. Alipokea mzee. Karani alimsalimu, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, na mwisho akauliza kama kwa namba hii tunampata Opiyo au Apiyo. Mzee alisema Apiyo ameolewa Yala, Opiyo yuko shambani, na yeye ni baba yao, tunamtaka nani?

Jozi nyingine tatu simu hazikupatikana. Kwenye safu ya nani aliamua nimeacha wazi, na akaunti zao ziko mbalimbali mpaka mmoja wao aje kaunta.